Msamiati wa karakana ya useremala

Msamiati wa karakana ya useremala ni maneno yanayotumiwa na mafundi seremala wa Afrika Mashariki kutaja zana, malighafi na vitendo vya kazi yao. Maneno hayo yametoka pande nyingi. Mengine ni ya Kibantu, mengine yaliletwa na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi: *karakana* na *randa* yana asili ya Kiajemi, *msumari* ni la Kiarabu, *parafujo* na *meza* ni ya Kireno. Katika karne ya 20 yaliongezeka ya Kiingereza kama *plaiwudi*, *drili* na *skrubu*.

Makala hii inayapanga maneno hayo kwa kufuata kazi, si kwa alfabeti. Orodha ya alfabeti huweka *bawaba* karibu na *bikari*, ingawa moja hufungwa mlangoni na nyingine huchorea duara. Orodha ya kazi huyaweka pamoja maneno yanayotumika saa ileile mezani, na humwonyesha msomaji tofauti kati ya zana zinazofanana. Mfano unaotumika hapa chini ni meza ndogo ya kusomea, tangu mbao inaponunuliwa hadi inapopakwa vanishi.

## Namna majina ya zana yanavyoundwa

Majina machache ya zana ni neno moja: nyundo, patasi, randa, tupa. Aina zake hutajwa kwa kuongeza kitendo kilicho katika kauli ya kutendea. Kutokana na *kupasua* tunapata *msumeno wa kupasulia*. Kutokana na *kunoa*, *jiwe la kunolea*. Kutokana na *kubana*, *kifaa cha kubania*. Kwa njia hiyo mtu asiyejua jina la zana anaweza kuitaja kwa kazi yake na fundi akamwelewa.

Vitendo vingi huundwa kwa *kupiga*: kupiga randa, kupiga msasa, kupiga mstari. Anayekusanya maneno ya karakana ni vema aandike zana pamoja na kitendo chake, kwa sababu randa "haikatii" mbao wala msasa "haurandi".

Jambo jingine ni umoja na wingi. Kwa asili *ubao* ni mmoja na *mbao* ni wingi, lakini sokoni watu husema "mbao moja" na "mbao kumi". *Maranda* ni vipande vyembamba vinavyojikunja vikitoka kwenye randa. Si wingi wa randa. Randa mbili huitwa randa mbili.

## Malighafi: kuchagua na kununua mbao

* Gogo – shina la mti lililokatwa, kabla ya kupasuliwa.
* Boriti – mti mnene au mbao nene ya kubebea uzito, kama wa dari au paa.
* Papi – mbao nyembamba na ndefu, hasa za kupigilia bati juu ya kenchi.
* Plaiwudi – bamba la tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa kwa gundi, nyuzi za kila tabaka zikikatana na za tabaka linalofuata.
* Nyuzi za mbao – mistari inayofuata urefu wa mti. Mbao hupasuka kwa urahisi kwa kufuata nyuzi, na kwa shida kwa kuzikata.
* Fundo – mahali tawi lilipoota. Ni pagumu kuliko mbao iliyolizunguka, na linaweza kuanguka likaacha tundu.
* Mbao mbichi – mbao ambayo bado ina maji mengi.

Mbao hugawanywa kwa kawaida kuwa ngumu na laini. Miongoni mwa mbao ngumu zinazotafutwa kwa samani na milango ni mninga, mvule, mkongo, na mtiki ambao pia huitwa msaji. Mpingo ni mgumu na mzito sana. Hutumika zaidi kwa kuchonga vinyago na ala za muziki kuliko kwa meza. Msonobari ni mbao laini: hurandwa kwa urahisi na bei yake ni nafuu, lakini hubonyea ukigongwa na mchwa huupenda.

Ukubwa wa mbao hutajwa kwa inchi, unene kwanza kisha upana: "mbili kwa nne" ni inchi 2 kwa inchi 4, yaani karibu milimita 50 kwa 100. "Moja kwa nane" ni milimita 25 kwa 200. Urefu hutajwa kwa futi, na futi 12 ni karibu meta 3.66. Vipimo hivyo ni vya mbao kama ilivyotoka msumenoni. Baada ya kupigwa randa pande zote, moja kwa nane hubaki na unene wa karibu milimita 20 na upana wa karibu milimita 190. Ndiyo maana katika kuagiza kazi ni lazima kusema kama kipimo ni *cha mbao ghafi* au *cha mbao iliyorandwa*.

Mbao mbichi hutambulika kwa uzito wake, kwa ubaridi inaposhikwa, na kwa vumbi lake ambalo hushikamana badala ya kutawanyika. Ikitumika kabla ya kukauka itasinyaa ikiwa tayari imeungwa. Husinyaa kwa upana, na kwa urefu karibu si kitu. Matokeo yake ni nyufa kati ya mbao za juu ya meza, na viungo vinavyolegea.

## Kupima na kuchora alama

* Futikamba – kipimo cha utepe kinachojikunja ndani ya kasha.
* Guni – kipimo cha pembe mraba, chenye mkono mfupi mnene na bamba jembamba. Katika karakana nyingi huitwa pia *skwea*.
* Bikari – chombo chenye miguu miwili cha kuchorea duara na kuhamisha kipimo.
* Geji – kijiti chenye msumari mdogo na kizuizi kinachosogezwa. Huchora mstari unaokwenda sambamba na ukingo wa mbao.
* Pimamaji – kifaa chenye kiputo cha hewa ndani ya maji, cha kujua kama kitu kimelala sawa.
* Timazi – uzi wenye kizito mwishoni, cha kujua kama kitu kimesimama wima.

Pimamaji na timazi huchanganywa mara nyingi. Ya kwanza hujibu swali la ulalo, ya pili la wima, ingawa pimamaji nyingi za sasa zina kiputo cha pili cha kupimia wima pia.

Guni hukaguliwa kwa njia rahisi. Mkono wake huegemezwa kwenye ukingo ulionyooka, mstari huchorwa, kisha guni hugeuzwa upande wa pili na mstari mwingine huchorwa kuanzia nukta ileile. Mistari ikilaliana, guni ni sahihi. Ikiachana kama miguu ya bikari, kosa la guni ni nusu ya pembe iliyo kati yake.

## Kukata na kupasua

* Msumeno wa kupasulia – hukata kwa kufuata nyuzi. Meno yake ni makubwa na kila jino lina ncha bapa kama patasi ndogo.
* Msumeno wa kukatia – hukata kwa kukingama nyuzi. Meno yake ni madogo na yamenolewa kwa mshazari, kama visu.
* Tupa – chuma chenye mikwaruzo ya kunolea meno ya msumeno.
* Unga wa mbao – vumbi linalotoka msumenoni.

Msumeno wa kukatia ukitumika kupasulia, kazi huenda polepole sana na meno hujaa unga. Wa kupasulia ukitumika kukatia, hung'oa nyuzi na kuacha ncha zenye matambara.

Meno ya msumeno hupindwa kidogo, moja kulia na lingine kushoto kwa zamu, ili njia inayokatwa iwe pana kuliko bamba lenyewe. Mpindo huo ukipungua, msumeno hubanwa katikati ya kazi. Ukiwa mkubwa zaidi upande mmoja, msumeno huacha mstari na kuelekea upande huo hata fundi akiushika vizuri. Fundi pia hukata pembeni mwa mstari wa penseli, upande wa kipande kinachotupwa, maana akikata juu ya mstari, kipande anachokitaka hupungua.

## Kuranda na kunoa

* Randa – zana ya kusawazisha mbao, yenye kisu kinachochungulia kwenye uwazi wa chini.
* Maranda – mabaki membamba ya kazi ya randa.
* Kinoo – jiwe la kunolea kwa mkono, pamoja na maji au mafuta.
* Cherehe – jiwe la duara linalozungushwa, la kunolea haraka au kurekebisha makali yaliyovunjika.

Mbao hurandwa kwa kufuata mahali nyuzi zinapopanda kuelekea juu ya uso wake. Randa ikienda kinyume, kisu huingia chini ya nyuzi na kuzing'oa, na uso huwa na vidimbwi vidogo. Dalili huonekana mara moja: maranda hutoka yamekatikakatika badala ya utepe mrefu, na sauti hubadilika kuwa ya mkwaruzo. Dawa yake ni kugeuza mbao. Pale penye fundo, ambapo nyuzi hubadili mwelekeo, kisu hurudishwa ndani ili kikate chembamba zaidi.

Cherehe ya umeme hupasha chuma joto. Makali yakigeuka rangi ya samawati, ugumu wake umepotea na kisu kitakuwa butu upesi; hivyo huchovya majini mara kwa mara.

## Kutoboa na kuchimba

* Patasi – bamba la chuma lenye makali upande mmoja na mpini wa mbao au plastiki.
* Juba – patasi nene ya kuchimbia matundu ya viungo. Unene wake huiwezesha kustahimili kugongwa na kubanduliwa.
* Bobari – patasi yenye makali ya mviringo, ya kuchongea mifuo na mapambo.
* Keekee – zana ya kutobolea inayozungushwa kwa mkono. Ile ya umeme huitwa drili.
* Jiriwa – kifaa kilichofungwa mezani, chenye taya mbili zinazobana kazi.

Tofauti ya patasi na juba ina maana katika ununuzi. Patasi nyembamba ikitumika kuchimba tundu refu inaweza kuvunjika pale fundi anapoipinda ili kutoa vipande. Katika kazi hizi zote kitu hubanwa kwenye jiriwa, na mkono usioshika zana hukaa nyuma ya makali.

## Kuunga

* Ulimi – ncha ya mbao iliyopunguzwa ili iingie katika tundu la mbao nyingine.
* Tundu la ulimi – shimo la pembe nne linalopokea ulimi.
* Bega – ukingo ulioachwa pale ulimi unapoanzia. Ndio unaogusa uso wa mbao ya pili.
* Kabari – kipande chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili, cha kukazia.
* Klempu – kibanio kirefu cha kushikilia mbao wakati gundi inakauka.
* Msumari – hushika kwa msuguano, hupigiliwa kwa nyundo.
* Parafujo au skrubu – hushika kwa hesi zake, hukazwa kwa bisibisi.
* Bawaba – vipande viwili vya chuma vinavyozunguka pamoja, vya kubebea mlango au kifuniko.

Kwa kawaida unene wa ulimi huwa karibu theluthi moja ya unene wa mbao yake. Ukizidi sana, kuta za tundu huwa dhaifu. Ukipungua sana, ulimi hukatika. Ulimi unaofaa huingia kwa kusukumwa na mkono au kugongwa kidogo. Ukihitaji nyundo kwa nguvu, utapasua mbao yenye tundu. Ukiingia wenyewe na kucheza, gundi peke yake haitaushika kwa muda mrefu.

Kabla ya parafujo hutobolewa kitundu chembamba kuliko parafujo yenyewe. Bila hicho mbao ngumu hupasuka, hasa karibu na ncha yake.

## Kumalizia

* Msasa – karatasi yenye chembe kali ya kulainishia. Jina hilo ni pia la mti wenye majani makavu yanayokwaruza, yaliyotumika kwa kazi hiyohiyo.
* Vanishi – kimiminika kinachokauka kuwa ngozi ngumu inayoonyesha nyuzi za mbao.
* Rangi – hufunika mbao na kuzificha nyuzi zake.
* Tina – kimiminika cha kuyeyushia vanishi au rangi na kusafishia brashi.

Namba ya msasa ikipanda, chembe zake huwa ndogo. Meza huanza na namba 80 au 120 na kumalizia na 180 au 220, daima kwa kufuata nyuzi. Mikwaruzo inayokingama nyuzi haionekani mbao ikiwa kavu, lakini vanishi huifichua yote. Ndivyo ilivyo pia kwa gundi iliyomwagika: ilipokauka juu ya mbao, vanishi haiingii na huacha doa lililopauka.

## Mfano: orodha ya mbao za meza ndogo

Mteja anataka meza ya kusomea yenye kimo cha sentimita 75 na sehemu ya juu ya sentimita 100 kwa 60. Fundi anapanga kutumia moja kwa nane kwa sehemu ya juu, mbili kwa mbili kwa miguu, na moja kwa nne kwa mbao nne za kuungia miguu.

Tatizo la kwanza ni upana wa juu. Mbao tatu za inchi 8 zinaonekana kutoa sentimita 60, lakini baada ya kurandwa kila moja hubaki na sentimita 19, na tatu ni 57 tu. Fundi ama anunue mbao ya nne, ama akubaliane na mteja juu ya sentimita 57. Hapa wanakubaliana 57.

Unene wa sehemu ya juu baada ya kurandwa ni sentimita 2, hivyo miguu ni sentimita 73. Hukatwa 75 kwanza: zile 2 za ziada juu ya tundu huzuia mguu kupasuka wakati wa kuchimba, na huondolewa meza ikishaungwa.

Kiunzi cha miguu kina sentimita 90 kwa 50, kikipimwa nje kwa nje. Kila mguu uliorandwa una sentimita 4.5. Kwa hiyo nafasi kati ya miguu upande mrefu ni 90 kutoa 9, yaani 81; upande mfupi ni 50 kutoa 9, yaani 41.

Hapa ndipo neno moja huharibu kazi. Fundi akimwambia msaidizi "kata mbao mbili za themanini na moja", msaidizi atakata 81 kamili na kuchonga ulimi wa sentimita 2 kila upande ndani ya kipimo hicho. Itabaki 77 kati ya miguu, na kiunzi kitakuwa 86 badala ya 90. Agizo sahihi ni "themanini na moja bega kwa bega", au kutaja urefu wote: 81 pamoja na ndimi mbili za 2, yaani 85. Zile fupi ni 41 na 4, yaani 45.

| Kipande | Idadi | Ukubwa ukirandwa (sm) |
|---|---|---|
| Mguu | 4 | 75 × 4.5 × 4.5, hukatwa 73 mwishoni |
| Mbao ndefu ya kuungia | 2 | 85 × 9.5 × 2, bega kwa bega 81 |
| Mbao fupi ya kuungia | 2 | 45 × 9.5 × 2, bega kwa bega 41 |
| Mbao ya juu | 3 | 100 × 19 × 2 |

Ulimi una unene wa milimita 7, karibu theluthi ya milimita 20. Kila mguu hupokea ndimi mbili kutoka pande mbili jirani, kwa hiyo matundu husogezwa kidogo kuelekea nje ya mguu ili yasikutane ndani.

Viungo hujaribiwa vikavu kabla ya gundi. Baada ya gundi na klempu, kiunzi hupimwa kona kwa kona. Kwa kiunzi cha 90 kwa 50 vipimo vyote viwili viwe karibu sentimita 103. Kimoja kikizidi, kiunzi kimeenda mshazari, na klempu husogezwa gundi ikiwa bado mbichi.

Sehemu ya juu hufungwa kwa parafujo kutoka chini. Kwa kuwa mbao zake hupanuka kwa upana wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, matundu ya parafujo hufanywa marefu kidogo kwa upande huo. Ikigandishwa kwa gundi pande zote, itapasuka.

## Tofauti za mahali

Zana moja inaweza kuwa na majina mawili katika mji mmoja. Kamusi na vitabu vya shule hupendelea *parafujo*, *keekee* na *guni*. Katika maduka ya vifaa husikika zaidi *skrubu*, *drili* na *skwea*. *Bawaba* na *hinji* ni kitu kimoja. Kwa sababu hiyo orodha ya karakana hufaa zaidi ikiwa na safu nne: jina la kamusi, jina la dukani, kitendo, na maelezo mafupi ya kazi. Safu ya mwisho ndiyo inayoamua pale majina yanapogongana, kwa kuwa "patasi nene ya kuchimbia tundu" inaeleweka hata kwa muuzaji asiyewahi kusikia neno *juba*.

## Tazama pia

* Useremala
* Mbao
* Mninga
* Mpingo
* Msumeno